Sura ya Saba: Makohozi, Katriji na Herufi 81

Swali ambalo aghalabu huulizwa katika mabaraza ya hospitali zetu, na ambalo wauguzi hulijibu kwa mkato kwa sababu foleni ni ndefu, ni hili: inakuwaje makohozi ya mtu yule yule, yaliyotolewa asubuhi ile ile, yakitazamwa kwa hadubini yaonekane safi, na yakitiwa katika mashine yakutwe na kifua kikuu? Muulizaji huhisi kwamba kati ya vyombo viwili hivyo kimoja kimesema uongo. Na madhali dawa za maradhi haya humezwa kwa miezi, na jina la maradhi yenyewe bado linamtia mtu haya mbele ya jirani zake, ana haki kamili ya kutaka kujua ni kipi.

Jawabu ni kwamba hapana kilichosema uongo, ila kila kimoja kimeulizwa swali lake. Hadubini huulizwa kama bakteria wanaonekana. Mashine huulizwa kama vinasaba vya bakteria vimo, na kama sehemu moja fupi ya vinasaba hivyo imeandikwa sawasawa. Mgonjwa naye ana swali la tatu, nalo ni kama anaumwa leo na kama atapona kwa dawa atakazopewa. Na swali hili, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, hapana chombo hata kimoja kinachoulizwa. Sura hii yaeleza jinsi mashine inavyolijibu swali lake, na mahali ambapo watu hulichukua jawabu lake wakalitumia kwa swali lisilo lake.

## Mpaka wa jicho

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlini, tabibu Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria, yaani kiumbe kidogo mno cha chembe moja, akaonyesha namna ya kumtia rangi ili aonekane. Bakteria huyu ana ukuta wenye nta, na rangi nyekundu ikiisha kuingia kwa moto haitoki hata ukiosha kwa asidi. Vitu vingine vyote katika makohozi huacha rangi ile, naye hubaki nayo. Fundi wa maabara akiinamia hadubini huona vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu, na kwa zaidi ya karne moja ndivyo sehemu kubwa ya dunia ilivyoutambua ugonjwa huu.

Walakini tone linalopakwa juu ya kioo ni dogo, na eneo ambalo jicho laweza kulipitia kwa muda wa kazi ni dogo zaidi. Ili fundi apate kuona walau vijiti vichache, sharti kila mililita ya makohozi iwe na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000. Mtu aliyeumwa muda mrefu, ambaye pafu lake limefanya shimo, huwatoa kwa mamilioni. Lakini mtoto, au mtu aliyedhoofishwa na virusi vya ukimwi, aweza kuwa mgonjwa hoi na makohozi yake yakawa na mia chache tu. Huyo huambiwa hana. Tena hadubini haiwezi kumtenga bakteria anayekufa kwa dawa na bakteria sugu, yaani yule ambaye dawa haimdhuru, kwa kuwa wote wawili ni vijiti vyekundu.

Ilikuwapo njia yenye macho makali zaidi, nayo ni kuotesha: makohozi huwekwa katika chakula cha bakteria, yakatiwa katika joto la mwili wa binadamu, watu wakangoja. Kungoja huko ndiko kulikoua wagonjwa. Bakteria wengi wa tumboni hugawanyika kila baada ya dakika ishirini hivi, lakini huyu wa kifua kikuu hujigawa mara moja tu kwa siku nzima au karibu yake, kwa hiyo jawabu huchukua wiki mbili hadi nane, na ukitaka kujua kama ni sugu waongeza wiki nyingine. Katika muda huo mwenye bakteria sugu alikuwa akimeza dawa zisizomfaa, akilala chumba kimoja na watoto wake.

Mwezi wa Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani lilikubali kutumiwa kwa mashine ambayo jina lake limeandikwa mbele yake, GeneXpert, iliyotengenezwa na kampuni ya Cepheid ya Kalifonia, pamoja na katriji yake ya kifua kikuu. Mwaka 2017 ikaidhinishwa katriji ya pili iliyo kali zaidi, iitwayo Ultra. Ile ya kwanza yaweza kugundua bakteria 130 hivi katika mililita moja ya makohozi; Ultra yaweza kugundua 16. Linganisha hesabu hizi na zile elfu tano za hadubini, na nusu ya swali la mgonjwa wetu imekwisha kujibiwa.

## Safari ya makohozi

Kazi huanza na kikopo, na hapa ndipo pengi huharibika kabla mashine haijawashwa. Kinachotakiwa ni kohozi litokalo kifuani, zito, mililita moja kwa uchache, wala si mate ya kinywani. Mtu huvuta pumzi ndefu mara mbili tatu, akakohoa kwa nguvu kutoka chini, mahali pa wazi penye upepo, mbali na wenzake. Ukipeleka mate, mashine itayapima mate kwa uaminifu wote na kukuambia kwamba mate yako hayana kifua kikuu.

Katika maabara makohozi huongezwa dawa ya majimaji mara mbili ya kiasi chake. Dawa hiyo ina kemikali kali mbili zinazolainisha ute na kuua bakteria walio wengi, hata fundi awe katika hatari ndogo ya kuambukizwa. Kikopo hufungwa kikatikiswa kwa nguvu mara kumi hadi ishirini, kikaachwa dakika kumi, kikatikiswa tena, kikaachwa dakika tano nyingine. Mwisho wake makohozi yawe majimaji yasiyo na madonge. Fundi huvuta mililita mbili kwa bomba lenye alama, akazitia katika katriji, akafunga kifuniko, akaielekeza mistari ya utambulisho kwenye kisomeo, akaipachika katika mlango wa mashine. Kazi ya mkono imekwisha hapo.

Katriji ni kikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vyumba vidogo vilivyozunguka bomba la kusukuma, na vali ambayo mashine huizungusha ili kufungua chumba hiki na kukifunga kile. Majimaji hupitishwa katika chujio linalonasa bakteria, na takataka zikaoshwa. Kisha mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii huwatikisa bakteria wale mpaka kuta zao za nta zikapasuka na vinasaba vikamwagika. Vinasaba ni uzi mrefu ambao juu yake yameandikwa maagizo yote ya kiumbe kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziandika A, C, G na T. Uzi huu huchanganywa na vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kemia, vilivyokwisha kuwekwa humo vikiwa vikavu, na mchanganyiko wote ukasukumwa katika kibomba chembamba kilicho nyuma ya katriji. Hapo joto hupandishwa na kushushwa, zamu kwa zamu, na katika kila zamu kipande cha vinasaba kilichokusudiwa hunakiliwa, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, hata baada ya zamu thelathini kipande kimoja kimezaa nakala zaidi ya bilioni moja. Kwa Ultra jambo hili huchukua kama dakika themanini. Kwa katriji ya kwanza huchukua karibu saa mbili.

Kunakili vinasaba kwa joto hakukuwa jambo geni. Kulikuwako tangu miaka ya 1980. Kilichokuwa kigumu ni usafi. Mabilioni ya nakala za jana, zikitoroka na kutua katika meza, huingia katika sampuli ya leo na kumpa mtu mzima ugonjwa asio nao, ndiyo maana maabara za namna hiyo zilihitaji vyumba mbalimbali na mafundi waliobobea. Katriji ikisha kufungwa haifunguliwi tena mpaka ichomwe moto, na nakala zote hufia ndani. Mimi naona kwamba hii ndiyo fadhila yake kubwa kuliko kasi inayosifiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Afrika ya Kusini, Zimbabwe, Zambia na Mbeya nchini Tanzania, wauguzi waliofundishwa kwa siku moja tu waliiendesha mashine hii katika zahanati zao na kuimudu vyema.

Hata hivyo chombo hiki kina udhaifu wake, na udhaifu huo hujitangaza wenyewe. Ndani ya kila katriji zimewekwa mbegu za bakteria wengine wasio na madhara, ambazo lazima zikamatwe, zipasuliwe na kunakiliwa pamoja na sampuli. Zisipoonekana, na kifua kikuu kisionekane, mashine haithubutu kusema hakuna ugonjwa, bali huandika INVALID. Makohozi yakiwa bado mazito au yakiwa na chembe za chakula, bomba hushindwa kuyasukuma, na kioo kikaonyesha ERROR pamoja na namba 2008; fundi mzoefu akiiona namba hiyo haitukani mashine, bali hukumbuka kwamba hakutikisa vya kutosha. Umeme ukikatika katikati, huandikwa NO RESULT, na katriji ile imekwenda bure. Chumba nacho hakitakiwi kupita nyuzi 30 za joto, sharti ambalo maabara nyingi za pwani yetu haziwezi kulitimiza mwezi wa Februari bila ya kiyoyozi, na katriji zenyewe zisihifadhiwe katika stoo inayozidi nyuzi 28.

*Kwa ufupi:* mashine haimtazami bakteria; humpasua, ikanakili sehemu chache za vinasaba vyake mpaka ziwe nyingi za kutosha kupimwa. Hivyo hugundua wachache ambao jicho halikuweza kuwaona.

## Herufi 81

Mpaka hapa nimezungumza juu ya jawabu la kwanza, kama ugonjwa upo. Jawabu la pili, ambalo hutoka pamoja nalo katika kikaratasi kile kile, lahusu rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu ya miezi sita. Bila yake dawa nyingine huhitajika.

Rifampisini hufanya kazi kwa kujibana katika kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kusoma vinasaba vyake. Kimeng'enya kikibanwa, maagizo hayasomeki, naye bakteria hufa. Umbo la mahali pale inapojibana limeandikwa katika jini, yaani fungu la maagizo, liitwalo *rpoB*. Na kwa bahati ambayo watafiti hawaipati kila siku, usugu wa rifampisini, katika wagonjwa 95 hivi kwa kila mia, hutokana na kosa lililomo katika kipande kifupi sana cha fungu hilo, kipande cha herufi 81, ambazo husomwa tatu tatu na kufanya maneno 27. Kosa lililo mashuhuri kuliko yote ni la herufi moja: mahali palipokuwa na TCG pakiandikwa TTG, kipande kimoja cha protini hubadilika, umbo hugeuka, na dawa haina tena pa kujibana.

Mashine huzikaguaje herufi 81 ndani ya kibomba kidogo? Katika katriji ya kwanza vimetiwa vitambuzi vitano, yaani vipande vifupi vya vinasaba vilivyotengenezwa na binadamu, kila kimoja kikiwa na rangi yake inayowaka pale tu kinaposhikamana na sehemu yake iliyo sahihi. Wafikirie walimu watano wa chuoni wanaomsikiliza mwanafunzi mmoja akisoma kwa ghibu, kila mwalimu amekabidhiwa kipande chake, na kazi yake ni kuitikia kipande hicho kinaposomwa barabara: wakiitikia wote watano, kisomo ni sahihi, wakiitikia wanne na mmoja akanyamaza, au akaitikia kwa kuchelewa sana, kosa limo katika kipande cha yule aliyenyamaza, wakinyamaza wote, hapana aliyesoma. Hivyo mashine hujua usugu kwa ukimya. Ultra hutumia vitambuzi vinne na njia nyingine: huongeza joto taratibu ikatazama kila kitambuzi kinabanduka kwa nyuzi ngapi, kwa maana kilichoshikamana na herufi zisizolingana nacho hubanduka kwa joto tofauti na kilichoshikamana na herufi zake halisi.

Msomaji ataona sasa kwamba neno "sugu" linalotoka katika mashine hii si habari ya dawa iliyojaribiwa ikashindwa. Ni habari ya maandishi. Dawa haikumgusa bakteria yeyote.

## Kukisoma kikaratasi

Majibu hutoka kwa Kiingereza, na ni vyema mgonjwa na jamaa zake wayajue kwa sura.

- MTB NOT DETECTED: vinasaba vya kifua kikuu havikuonekana katika makohozi haya.
- MTB DETECTED, likifuatiwa na HIGH, MEDIUM, LOW au VERY LOW: vimeonekana, kwa wingi, kwa wastani, kwa uchache au kwa uchache sana.
- TRACE, ambalo hutolewa na Ultra peke yake: kimeonekana kiasi kidogo mno.
- RIF Resistance NOT DETECTED au DETECTED: herufi 81 hazina kosa, au zina kosa.
- RIF Resistance INDETERMINATE: ugonjwa umeonekana, lakini vinasaba havikutosha kukagua herufi.

Maneno mengine hayana utata mkubwa, lakini TRACE huwatatiza hata matabibu. Ultra hutafuta, mbali na zile herufi 81, vipande viwili vingine ambavyo desturi yao ni kujirudia mara nyingi katika uzi wa bakteria mmoja, ilhali fungu la *rpoB* limo mara moja tu. Makohozi yakiwa na vinasaba vichache kabisa, vipande vinavyojirudia vitapatikana na *rpoB* haitapatikana; basi mashine huandika TRACE, na kuhusu usugu haina la kusema. Ndiyo maana TRACE daima hufuatwa na INDETERMINATE.

## Mchimbaji wa Mirerani

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka arobaini amechimba madini ya tanzanaiti huko Mirerani tangu ujana wake, na mapafu ya wachimbaji hao, kwa vumbi la mawe wanalolivuta chini ya ardhi, huumia kwa vumbi lenyewe na tena huwa rahisi kushikwa na kifua kikuu. Mwaka mmoja na nusu uliopita alitibiwa kifua kikuu, akameza dawa miezi sita kamili, akaambiwa amepona. Sasa anakohoa kwa wiki ya tatu. Hana homa, hajakonda, na kipimo cha virusi vya ukimwi kinaonyesha hana. Hadubini haioni kitu. Ultra inaandika TRACE.

Tabibu mwenye haraka ataandika dawa za miezi sita nyingine. Mwenye hadhari atauliza kwanza vinasaba hivi ni vya nani: ni vya bakteria aliye hai leo, au ni vya wale waliouawa mwaka juzi? Kwa kuwa mashine husoma maandishi wala haiulizi kama mwandishi yu hai, mabaki ya bakteria waliokufa, yaliyokaa katika makovu ya mapafu, huweza kuendelea kutoka na makohozi kwa miezi na hata miaka baada ya mtu kupona. Kwa aliyetibiwa katika miaka mitano iliyopita, kiasi kidogo cha vinasaba hakitoshi peke yake kuwa ithibati ya ugonjwa mpya.

Basi tabibu wetu afanye mambo mawili. Aombe picha ya kifua na kuilinganisha na picha ya zamani, atazame kama pana doa jipya au ni makovu yale yale na alama za vumbi. Kisha apeleke makohozi mapya yakaoteshwe, kwa maana anayeota ni aliye hai peke yake, na Mirerani haiko mbali na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambako wagonjwa wa kifua kikuu sugu wa Tanzania walianza kutibiwa mwaka 2009. Picha ikiwa haikubadilika, na wiki zikapita bila kitu kuota, kikohozi kile kina sababu nyingine, yamkini vumbi, na dawa za kifua kikuu zingemchosha ini bure. Wakiota, matibabu yaanze, na usugu wao ujulikane hapo hapo kutoka kwa bakteria waliopatikana. Hali yake ikidhoofika wakati wa kungoja, homa ikamshika na uzito ukapungua, tabibu hafungwi na kikaratasi; aanze dawa.

Lakini badili jambo moja tu katika kisa hiki, useme mtu huyo ana virusi vya ukimwi na hajapata kuugua kifua kikuu maishani mwake, au useme ni mtoto wa miaka mitatu. Hapo TRACE ile ile ni sababu tosha ya kuanza dawa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hao ndio ambao bakteria wao huwa wachache kwa desturi na ndio wanaokufa upesi.

## Neno moja, uzito mbalimbali

Habari ya usugu nayo ina hesabu yake, na naomba msomaji anivumilie nikiifanya taratibu. Tuseme kati ya watu mia wenye usugu mashine huwatambua 96, na kati ya mia wasio na usugu huwaambia kweli 98, ikiwakosea wawili. Hizi ni sifa njema kwa kipimo chochote. Sasa chukua wagonjwa wapya 1,000 ambao hawajapata kutibiwa, na tukadirie kwamba kumi kati yao wana usugu. Mashine itawakamata tisa au kumi. Katika 990 waliobaki, wawili kwa kila mia wataambiwa kwa makosa kwamba ni sugu, nao ni watu ishirini hivi. Basi kati ya watu thelathini waliopewa habari ile nzito, ishirini hawastahili.

Sasa chukua wengine 1,000 ambao wametibiwa kabla na maradhi yakarudi, na tukadirie mia moja kati yao wana usugu. Mashine itawakamata 96, na kuwakosea kumi na wanane. Neno DETECTED ni lile lile, limetoka katika katriji ya namna moja, lakini kwa hawa wa pili ni karibu yakini, na kwa wale wa kwanza ni shaka kuliko yakini.

Kwa hiyo mgonjwa mpya asiye na sababu yoyote ya kudhaniwa usugu, ambaye hakuishi na mgonjwa sugu wala hakupata kutibiwa, akitokewa na neno hilo apimwe tena kwa makohozi mapya, hasa kama jawabu la kwanza lilikuwa VERY LOW, kwa sababu makosa mengi ya namna hii hutokea pale vinasaba vilipokuwa haba na vitambuzi vikaitikia kwa kuchelewa. Makosa ya bahati mbaya hayarudii. Yapo machache yanayorudia: katriji ya kwanza yaweza kukuta TTT mahali pa TTC, ikasema kosa limeonekana, na kweli herufi imebadilika, lakini maneno hayo mawili huagiza kipande kile kile cha protini, na dawa hujibana kama kawaida.

Upande wa pili wa hesabu una hatari yake. Neno NOT DETECTED huhusu herufi 81 tu, na bakteria hakulazimishwa kukosea ndani yake. Nchini Eswatini wachunguzi waliokagua bakteria sugu waliokusanywa mwaka 2009 walikuta kwamba karibu tatu katika kila kumi walikuwa na kosa lililo nje kidogo ya kipande hicho, na mashine iliwapitisha wote. Isoniazidi nayo, ambayo ni mwenzi wa rifampisini katika kidonge kimoja, haikaguliwi kabisa na katriji hii. Ipo katriji nyingine, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, inayoikagua pamoja na dawa nyingine, lakini yahitaji mashine yenye macho ya rangi nyingi zaidi kuliko zile zilizoenea. Mgonjwa asiyeacha kukohoa baada ya miezi miwili ya kumeza dawa kwa uaminifu, hali kikaratasi chake kinasema hana usugu, makohozi yake yapelekwe yakaoteshwe na kujaribiwa na dawa zenyewe.

## Je, nimepona?

Wagonjwa wengi waliotambuliwa kwa mashine huomba, mwezi wa pili au wa sita, wapimwe kwa mashine ile ile waone kama wamesafika, na hukasirika wakielekezwa kwenye hadubini, wakidhani wameshushiwa hadhi. Msomaji aliyefuatana nami tangu kwa mchimbaji anaijua sababu. Mtu aliyemeza dawa vyema bado hutoa mabaki ya maiti za bakteria, na mashine ikiyaona huandika MTB DETECTED, na jawabu hilo litamtisha mgonjwa na kumpotosha tabibu atakayelifuata. Hivyo maendeleo ya matibabu ya kawaida hufuatwa kwa hadubini, mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Na kwa mwenye usugu wa rifampisini, makohozi huoteshwa kila mwezi.

Hadubini yenyewe nayo haijui aliye hai na aliyekufa, na mwezi wa pili huweza kuonyesha vijiti vyekundu vilivyokwisha kufa. Lakini kwa kuwa huhitaji maelfu ndipo ione, mabaki machache huipita bila kuonekana, na ikiendelea kuona vijiti mwezi wa tano, hapo pana jambo: ama dawa hazimezwi, ama hazifai. Makohozi hayo ya mwezi wa tano hupelekwa yakaoteshwe na kujaribiwa dawa, na hapo ndipo mashine huitwa tena, kuulizwa habari ya zile herufi 81.